Slaidi inasema milioni 204.9, jedwali linasema 199.7: kutoa mchanganuo wa gharama kwenye wasilisho la mradi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa mradi wa shirika dogo hapa Dodoma. Mshirika wetu ametuletea wasilisho la mradi wa maji wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, nami nimeambiwa nitoe jedwali la bajeti la slaidi ya 9 niliweke kwenye Excel kama mchanganuo wa gharama. Nilipobandika na kujumlisha, Excel ilinipa 348.5. Nikikokotoa kwa simu, jumla ndogo tatu pamoja na dharura zinakuja 199.7, lakini slaidi imeandika 204.9. Mwenzangu anasema tofauti ni 5.2, na mafunzo nayo ni 5.2, kwa hiyo mafunzo yamehesabiwa mara mbili. Nirekebishe jumla niendelee. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usirekebishe kwanza. Nimelifungua faili ulilonitumia na nimelipitia slaidi kwa slaidi. Mwenzako ameona kitu cha kweli, yaani ile 5.2, lakini sababu aliyoitaja siyo. Tuanze na 348.5, kwa kuwa kosa lile ni la kubandika na linamalizika haraka, kisha tukae na 204.9, ambako ndiko kuna kazi.

Jedwali la slaidi ya 9 lina mistari kumi na mitatu: mistari tisa ya gharama, jumla ndogo tatu za makundi A, B na C, na mstari wa dharura wa asilimia 5. Jumla kuu haimo ndani ya jedwali. Ukibofya ile 204.9 utaona ni kisanduku cha maandishi cha rangi kilichowekwa chini ya jedwali, na mtu ameichapa kwa mkono. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Ulipobandika safu ya kiasi na kuijumlisha yote, ulijumlisha mistari tisa pamoja na jumla zake ndogo, maana yake kila gharama imeingia mara mbili. Kwa kosa hilo peke yake ungepata 389.8. Wewe ulipata 348.5, pungufu ya 41.3, na 41.3 ni bei ya pampu na paneli za sola. Nambari hiyo kwenye slaidi imefuatwa na nafasi isiyokatika, ambayo kwa macho haionekani, na Excel ikikuta kitu cha namna hiyo huichukua seli nzima kuwa maandishi. Fomula ya `SUM` hailalamiki inapokutana na maandishi. Huyaruka kimya kimya. Dalili yake ni kwamba nambari hiyo imeegemea kushoto mwa seli wakati wenzake wameegemea kulia, lakini macho huchoka, kwa hiyo mimi huhesabu seli zenye nambari kabla ya kujumlisha chochote:

```
=COUNT(F2:F14)
```

Hapa jibu lilipaswa kuwa 13, na kwenye karatasi yako linatoka 12. Ukishaiona seli yenye kasoro, isafishe kwenye seli tupu ya pembeni kwa fomula ifuatayo, kisha nakili jibu lake kama thamani:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(F4,CHAR(160),""))
```

`TRIM` haitakusaidia hapa, kwa sababu huondoa nafasi ya kawaida tu na kuiacha ile isiyokatika. Ninakushauri pia uwe na karatasi mbili ndani ya faili moja: ya kwanza uiite `Ghafi`, ubandike humo kilichotoka kwenye slaidi na usikiguse tena kamwe, ya pili uiite `Mchanganuo`, ambako usafi na hesabu zote zinafanyika. Siku mtu atakapouliza nambari fulani ilitoka wapi, utafungua `Ghafi` badala ya kuanza kukumbuka.

Kwenye `Mchanganuo`, safu ya A iwe ya kundi, ya B iwe ya aina ya mstari, ya C maelezo, ya D kipimo, ya E idadi, ya F kiasi kama kilivyoandikwa kwenye slaidi, ya G kiasi ulichokokotoa wewe, ya H tofauti, na ya I namba ya slaidi pamoja na maoni. Safu ya B ndiyo inayokuokoa na kosa la kuhesabu mara mbili: weka `M` kwa mstari wa gharama, `J` kwa jumla ndogo, `D` kwa dharura, kisha ujumlishe mistari yenye `M` peke yake. Kwa kundi C, kwa mfano, jumla yako inakuwa hivi:

```
=SUMIFS(F2:F14,A2:A14,"C",B2:B14,"M")
```

Safu za F na G zisichanganywe hata siku moja. F ni ushahidi, yaani kile mshirika alichokiandika, kiwe sahihi au kiwe na kosa. G ni hesabu yako. Miaka ya nyuma, nikiwa kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nilirekebisha nambari ya mwombaji ndani ya safu yake mwenyewe ili jumla ikubali, kwa nia njema kabisa, na miezi minne baadaye tulibishana juu ya nambari ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuthibitisha nani aliiandika. Tangu hapo sijagusa safu ya F ya mtu.

Sasa tulinganishe. Kundi A lina upimaji wa maji chini ya ardhi 6.5, uchimbaji wa kisima cha mita 120 kwa 28.8, na pampu na sola 41.3, jumla ni 76.6, na slaidi inasema 76.6. Kundi B lina tangi la lita 50,000 na mnara wake 38.4, bomba mita 3,200 pamoja na kulaza 35.2, na vituo 6 vya kuchotea maji 14.7, jumla ni 88.3, sawa na slaidi. Kundi C lina mafunzo ya chombo cha watumia maji 5.2, usimamizi na ufuatiliaji 12.6, na usafiri 7.4. Hapa jumla ni 25.2, lakini slaidi imeandika 25.3.

Hiyo 0.1 ya kundi C haina hatia. Nambari zote zimeandikwa kwa mamilioni na desimali moja, kwa hiyo kila moja inaweza kuwa imekosea kwa hadi 0.05, yaani shilingi elfu hamsini, kwenda juu au kushuka chini. Mistari mitatu na jumla yake ni nambari nne, hivyo tofauti yoyote isiyozidi 0.2 inaweza kuelezwa na kukadiria tu, na kuikimbiza ni kupoteza mchana. Ukizichukua jumla ndogo tatu, dharura na jumla kuu, ni nambari tano, na mpaka wake ni 0.25. Tofauti yako ni 5.2. Hakuna kukadiria kunakozaa kitu cha ukubwa huo, kwa hiyo nambari mbili hizi zimetoka kwenye hesabu mbili tofauti.

Ndipo tunafika kwa mwenzako. Kutafuta mstari unaolingana na tofauti ni mbinu nzuri na mimi huitumia, lakini mstari ukipatikana kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu jedwali lenye nambari nyingi huwa na bahati nasibu zake. Jiulize: kama mafunzo yangehesabiwa mara mbili, nini kingine kingebadilika? Dharura ni asilimia 5 ya gharama zote, kwa hiyo nayo ingepanda. Gharama zingekuwa 190.2 na 5.2, yaani 195.4, ukiongeza asilimia 5 unapata 205.2, siyo 204.9. Dhana hiyo inasimama tu kama mtu aliongeza mafunzo mara ya pili baada ya dharura kukokotolewa, jambo ambalo lawezekana, lakini sasa linahitaji ushahidi.

Ushahidi ulikuwa slaidi moja mbele. Slaidi ya 10 ina chati duara ya mgawanyo wa gharama, yenye asilimia tu bila kiasi. Chati ya PowerPoint, isipokuwa imebandikwa kama picha, kwa kawaida hubeba takwimu zake ndani. Bofya chati kwa kitufe cha kulia, uchague `Edit Data`, na jedwali dogo litafunguka. Ndani ya chati hii nilikuta yafuatayo, tena kwa shilingi kamili, bila kukadiria:

```
A          76,600,000
B          93,200,000
C          25,320,000
Dharura     9,756,000
```

Jumlisha: 204,876,000. Hiyo ndiyo 204.9 iliyochapwa kwenye kisanduku. Kundi C ni 25,320,000, maana yake mafunzo hayakuhesabiwa mara mbili, na papo hapo tumeelewa kwa nini slaidi iliandika 25.3 wakati mistari yake inatoa 25.2. Kilichobadilika ni kundi B: chati ina 93.2, jedwali lina 88.3. Tofauti ni milioni 4.9.

Vituo 6 vya kuchotea maji vimewekewa 14.7, yaani milioni 2.45 kwa kila kimoja. Milioni 4.9 ni vituo viwili kamili. Lakini nimetoka kukuonya juu ya bahati nasibu, kwa hiyo nisiishie hapo na mimi. Rudi slaidi ya 3, ambako wanufaika wameandikwa kuwa watu 2,000. Kwa kipimo cha Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, kituo kimoja kilipangiwa kuhudumia watu 250 ndani ya mita 400, na kila mtu alipangiwa lita 25 kwa siku. Kwa kipimo hicho watu 2,000 wanahitaji vituo 8, siyo 6. Lita zao kwa siku ni 50,000, na tangi la slaidi ya 9 ni la lita 50,000 barabara. Mradi huu ulisanifiwa kwa vituo 8; baadaye mtu alipunguza viwili kwenye jedwali, dharura ikashuka kutoka 9.8 hadi 9.5, lakini kisanduku cha jumla, chati na idadi ya wanufaika vikabaki kama vilivyokuwa. Dhana ya vituo viwili inaeleza mambo manne kwa mpigo, wakati ile ya mafunzo ilieleza moja tu.

Kwa shilingi kamili, daraja kati ya nambari mbili ni hili. Bajeti yenye vituo 6 ni 199,731,000. Ongeza vituo viwili, 4,900,000, na dharura ya asilimia 5 juu yao, 245,000. Unafika 204,876,000. Tofauti halisi ni 5,145,000. Ilionekana kuwa 5.2 kwa sababu jumla ya kwanza ilikadiriwa kushuka na ya pili ikakadiriwa kupanda, na ndiyo maana ililingana na mafunzo kwa bahati mbaya. Angalia tu kwamba ile 199,731,000 nimeipata kwa kuchukua takwimu za chati na kutoa vituo viwili kwenye kundi B. Jedwali lenyewe halitoi shilingi kamili, kwa hiyo andika kwenye maoni nambari hiyo imepatikanaje.

Hapo kuna jambo la bei ya kizio, ambalo najua utaulizwa. Mchanganuo wa gharama kwa kawaida unataka bei ya kimoja, na wasilisho halijaitoa. Kishawishi ni kugawanya: 28.8 kwa mita 120, unapata shilingi 240,000 kwa mita, unaiandika kana kwamba mchimbaji ndiye aliyeitaja. Lakini 28.8 ni nambari iliyokadiriwa. Bei halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 239,600 na 240,400 kwa mita. Ni tofauti ndogo, lakini siku ya kulinganisha na nukuu ya bei itakupa maswali usiyostahili. Ukilazimika kuiweka, iweke kwa rangi tofauti na uandike kwenye maoni kwamba imekokotolewa kutoka kwenye slaidi. Bei ya kituo, milioni 2.45, ina nguvu zaidi kidogo, kwa kuwa tumeipata kwa njia mbili: 14.7 kwa 6, na 4.9 kwa 2.

Chini kabisa ya slaidi ya 9 kuna tanbihi ya herufi ndogo, ya kijivu juu ya rangi nyeupe, ambayo kwenye ukumbi wenye projekta iliyochoka hakuna aliyeiona: bei hazijajumuisha VAT. Iingize kwenye mchanganuo kama maneno, kwenye safu ya maoni, na usijiongezee mwenyewe asilimia 18. Si kila mstari hutozwa kodi hiyo na miradi mingine hupata msamaha. Hilo ni swali la mhasibu wenu, na jibu lake likija liwe mstari wake peke yake, si kupandisha kila bei kwa siri.

Ungekutana na jedwali lililobandikwa kama picha, lisilonakilika, ningekuambia ulichape kwa mkono, kisha mtu mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye slaidi na mwingine afuate kwenye Excel, wakianzia chini kwenda juu. Programu za kusoma picha hudondosha nukta ya desimali, na 28.8 ikigeuka 288 jumla ndogo itakuonyesha mara moja, lakini 5 ikisomwa 6 kwenye desimali inaweza kujificha ndani ya mpaka wa kukadiria.

Sasa, uandike nini kwenye mchanganuo? Kwenye mstari wa jumla kuu, safu ya F iandike 204.9, kwa sababu ndiyo iliyochapwa kwenye slaidi. Safu ya G iandike 199.7, kwa sababu ndiyo jumla ndogo na dharura za jedwali zinayotoa. Safu ya H iandike 5.2, na safu ya I iandike sababu kwa sentensi moja. Usichague mshindi. Huenda vituo vilipunguzwa kwa makusudi ili bajeti ishuke chini ya milioni 200, na huenda mtu alikosea tu kubandika toleo lisilo lake. Hivyo viwili havifanani hata kidogo kwa wanakijiji, maana kwa vituo 6 kipimo cha sera kinatosha watu 1,500, na watu 500 waliotajwa slaidi ya 3 watakuwa nje ya hesabu.

Swali hilo ni la mshirika, nawe mwandikie barua fupi isiyo na lawama. Ningeandika hivi:

*“Tumepokea wasilisho lenu, ahsanteni. Katika kuandaa mchanganuo tumeona jedwali la slaidi ya 9 lina vituo 6 vya kuchotea maji na linatoa jumla ya milioni 199.7, wakati jumla iliyoandikwa chini yake ni milioni 204.9, inayolingana na takwimu za chati ya slaidi ya 10, ambazo kwa hesabu yetu ni za vituo 8. Wanufaika wa slaidi ya 3 ni 2,000. Tunaomba mtuthibitishie idadi ya vituo, na mtutumie jedwali la Excel lililotumika, lenye bei za kizio kwa shilingi kamili.”*

Uwaeleze pia kwa adabu, ikiwezekana kwa simu na si kwa maandishi, kwamba chati yao imebeba takwimu ndani. Safari hii zilikuwa nambari nne tu. Nimewahi kufungua chati ya namna hii nikakuta kitabu kizima cha hesabu, pamoja na karatasi ya mishahara.

Na wakijibu kwamba vituo ni 6 kwa kukusudia, usifunge faili bado. Bomba ni mita 3,200 kwa milioni 35.2 kwenye jedwali, na kundi B la chati halikubali bei nyingine ya bomba: 38.4 ya tangi, 35.2 ya bomba na 19.6 ya vituo 8 ndizo zinazofanya 93.2. Vituo viwili vimeondolewa bila mita hata moja ya bomba kupungua. Inawezekana vilivyoondolewa viko njiani, kwenye bomba linalokwenda kwingine, na hapo hakuna tatizo. Kama vilikuwa mwisho wa matawi yake, kuna bomba linalolazwa kwenda mahali ambapo hakuna atakayechota maji. Mwombe mhandisi wao mchoro wa mtandao, na mstari wa bomba uache na alama ya kuuliza kwenye safu ya I hadi mchoro ufike.